Alama Nne Inafananaje

Pale hospitali kwetu afisa utumishi anaitwa Bi Ushahidi. Jina hilo nilimbandika mimi, na sijutii. Ni mwanamke ambaye ukimwambia, "Shoga, leo umependeza," atakuuliza umeona nini hasa. Mumewe aliwahi kuniambia kwamba hata nyumbani akisifia mboga, anaulizwa, "Utamu upi? Chumvi au viungo?" Maskini mume wa watu siku hizi anakula kimya.

Mimi ndiye matroni, mkuu wa wauguzi. Nina mdomo, sikatai, na nina jicho. Kwa miaka yote niliamini kwamba mtu anayefaa kazi namjua akiwa bado mlangoni, kabla hajavuta kiti. Bi Ushahidi ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, lakini kwa jambo hili tuligombana mpaka wahudumu wakawa wanapita mbali na ofisi yake.

Ugomvi ulitokana na chumba cha simu za dharura. Ni chumba kidogo karibu na lango la magari ya wagonjwa. Kina meza mbili, ramani ya mji iliyojaa pini, na simu zisizonyamaza. Tulikuwa tunatafuta msimamizi wake. Mwaka uliotangulia tulifanya usaili, na kila mjumbe wa jopo akapewa karatasi ya kutoa alama chini ya kumi. Basi. Mmoja saba yake ilikuwa ya mtu wa kawaida, mwingine saba yake ilikuwa ya malaika. Kwenye nafasi ya maoni tuliandika "mzuri", "ana mvuto", "sijampenda". Waliokosa wakakata rufaa, kamati ikatuuliza saba ina maana gani, tukatazamana kama kuku wageni. Usaili wote ukafutwa, na chumba kikabaki bila msimamizi.

Wa kulaumiwa akawa afisa utumishi, ingawa karatasi zile alizikuta. Mganga mkuu alimwita akamwambia bila kuzunguka: "Usaili unaofuata ukifutwa tena, mkataba wako hautaongezwa." Aliniambia habari hiyo tukiwa kwenye ngazi za nyuma, mkononi ana kikombe cha chai kilichopoa. Ana mabinti wawili wanasoma na mume ambaye mgongo umemstaafisha mapema. Nilimwambia, "Usijali, safari hii nitakusaidia kumchagua mtu mwenyewe." Akanitazama kwa huruma. "Matroni," akasema, "ugonjwa wenyewe ndio huo."

Ili umwelewe huyu mwanamke, ujue kwamba ujanani aliwahi kuomba kazi aliyoitamani kuliko zote, ya karani wa mahakama. Akasailiwa, akarudishiwa jibu la neno moja: hajakidhi. Alikwenda kuuliza hajakidhi nini. Wakamwambia, "Dada, we hujakidhi tu." Akaniambia alitembea na neno hilo kifuani kama mwiba, kwa sababu mtu hawezi kurekebisha kitu asichoambiwa.

Basi akaanza upya. Kwanza alikwenda kukaa chumba cha simu kutwa nzima, kimya, akisikiliza kinachomfanya mtu aifanye kazi ile vizuri au aiharibu. Akarudi na vigezo vinne tu: kupanga kipi kitangulie, kumwongoza mpigaji simu, kukabidhi zamu, na kukiri kosa na kulirekebisha. "Unadhifu uko wapi?" nikamuuliza. "Heshima? Haiba?"

"Mgonjwa aliyeanguka bafuni anaiona haiba kwenye simu?"

Nikamwachia. Siku hiyo tu.

Kila kigezo alikipa ngazi nne, na kila ngazi akaiandikia maelezo yake. Nilimuuliza kwa nini si tano kama watu wengine. Akasema namba ya katikati ni kichaka cha wavivu. Asiyetaka kuamua hujificha humo. Chukua kigezo cha kupanga kipi kitangulie. Alama moja ni mtu anayeeleza tabia yake au imani yake bila kutaja tukio lolote. Mbili, anataja tukio, lakini haijulikani yeye mwenyewe alifanya nini. Tatu, anaeleza tukio, alichofanya, na kwa nini alianza na hiki akaacha kile. Nne, yote hayo, pamoja na matokeo na alichobadilisha baadaye. Pembeni pana nafasi ya ushahidi, yaani maneno aliyoyasema msailiwa. Alama bila ushahidi haihesabiwi.

Jopo lilikuwa na watu watatu: yeye, mimi, na mkuu wa madereva wa magari ya wagonjwa, mzee tunayemwita Breki kwa sababu hakuna jambo asilolisimamisha kwanza alitafakari. Kabla hatujamwona mwombaji hata mmoja, Bi Ushahidi alitufungia ofisini akatusomea majibu ya kubuni, tuyape alama kila mtu kivyake, bila kuchungulia. Jibu la kwanza mimi nikatoa nne. Breki akatoa mbili.

"Mzee, una nini na watu wanaojieleza vizuri?" nikamkoromea.

"Na wewe una nini na watu wasiosema kitu?"

Tukawaka. Bi Ushahidi wala hakutuamulia. Aliichukua karatasi akasoma maelezo ya ngazi ya nne kwenye kigezo cha kumwongoza mpigaji: "Anajieleza vizuri." Akayakata kwa kalamu. "Kosa si lenu. Kosa ni langu. Vizuri ni nini? Kila mtu ana vizuri yake." Akaandika upya: anapata mahali alipo mpigaji, hali ya mgonjwa na namba ya kumrudia, anayarudia aliyoyasikia ili yathibitishwe, na anamwambia mpigaji afanye nini wakati gari linakuja. Tukajaribu tena. Safari hii mimi na Breki tukatoa alama ileile, na nilikereka, maana nilikuwa bado na hasira naye.

Mwisho akaweka kiwango cha kuvuka: jumla ya kumi na mbili, na kigezo chochote kisiwe chini ya mbili. Wakivuka zaidi ya watatu, tutachukua watatu wa juu. Tukatia sahihi, akaifungia karatasi kabatini. "Kuanzia hapa," akasema, "hatubadilishi fimbo ya kupimia eti kwa sababu tumempenda anayepimwa."

Siku ya usaili ikafika. Akaingia kijana mmoja, wallahi, mama yake alijua kulea. Suti imekaa, viatu vinang'aa, "Shikamoo mama, shikamoo mzee," mikono miwili mezani. Moyoni nikamwita Mtanashati na kazi nikampa hapohapo. Baada yake akaingia mwanamke mwenye kucha ndefu nyekundu, anatafuna kitu, akavuta kiti kabla hajakaribishwa. Huyo nikamwita Bi Kucha, na nyumbani nikamrudisha hapohapo.

Maswali yalikuwa yaleyale kwa wote, kwa mpangilio uleule. Tulimwambia kila mmoja: "Tupe mfano wa siku ambayo mambo mawili ya haraka yalikujia kwa pamoja." Mtanashati akatabasamu. "Mimi ni mtu wa utaratibu sana. Naamini kila jambo lina wakati wake, na nidhamu ndiyo msingi wa mafanikio." Nikajikuta natikisa kichwa kama niko kwenye mahubiri. Bi Ushahidi akamsukuma kidogo kama alivyomsukuma kila mtu: "Tukio lenyewe je?" Akasema kazini kwake walifika wateja wawili kwa mkupuo, wakahudumiwa, mambo yakaisha salama. Kuhusu kosa alilowahi kufanya, alisema hakumbuki. "Nimejitahidi sana kuepuka makosa," akasema.

Bi Kucha aliwahi kupokea simu kwenye kampuni ya teksi. Akasema siku moja gari lilizimika katikati ya daraja na abiria ndani, na dakika hiyohiyo mteja mwingine anakimbilia uwanja wa ndege. "Nilipeleka gari pekee lililobaki darajani. Wale wangeweza kugongwa, yule angekosa ndege tu. Nikampigia nikamwambia ukweli, nisimwache anasubiri. Alinitukana matusi yote. Tangu siku ile nikahakikisha gari moja halitoki kabisa, linakaa la akiba." Na kosa? "Nimefanya mengi. Niliwahi kupeleka dereva kwenye duka lenye jina hilohilo upande wa pili wa mji. Sasa namuuliza mtu, ukisimama hapo mlangoni, mbele yako unaona nini?"

Kisha likaja jaribio la simu. Breki alikwenda chumba cha pili akapiga akijifanya mume ambaye mkewe kaanguka bafuni, na maneno yake yaliandikwa ili kila msailiwa asikie yaleyale. Jamani, mzee yule alilia! Muuguzi mmoja alifungua mlango akijua kuna msiba.

Alama tulitoa kimya kabla ya mjadala. Hiyo ilikuwa sheria yake kuu: andika kwanza, ongea baadaye, la sivyo mwenye sauti kubwa atawatolea wote alama. Alinitazama mimi aliposema hivyo. Nikampa Mtanashati nne kwenye kupanga kipi kitangulie. Kalamu ikahamia nafasi ya ushahidi, ikasimama. Nikaandika "mtoto wa heshima", nikaona aibu nikaacha.

"Matroni, ushahidi?" akaniuliza tulipoanza kujadili.

"Aah, jibu lake lilikuwa zuri!"

"Alifanya nini wateja wale wawili walipofika?"

Nilitafuta kichwani. Nilikumbuka suti. Nilikumbuka shikamoo. Alichofanya sikukiona popote. "Hajasema," nikajibu, na maneno hayo yalinitoka kwa tabu. Sikuruhusiwa kufuta. Nilipiga mstari mmoja juu ya nne ili iendelee kuonekana, nikaandika mbili, nikaandika sababu pembeni: ametaja tukio, hakueleza alichofanya yeye. Nikatia sahihi ndogo. Kwenye kukiri kosa tulimpa moja sote watatu, akaanguka chini ya kiwango. Bi Kucha nilimpa nne huku roho inaniuma. Sikumpenda alipoingia na sikumpenda alipotoka, lakini maelezo ya nne yalikuwa mbele yangu na yeye alikuwa ameyatimiza moja baada ya jingine.

Watatu wakapelekwa kwa mganga mkuu, akamchagua Bi Kucha. Kabla hajapewa barua ya ajira, ikaingia rufaa.

Kumbe Mtanashati ni mpwa wa mjumbe wa bodi, na mjomba mtu alikuja juu kama maziwa ya moto. Karatasi zilikuwa zimepelekwa kwenye kamati ya rufaa, naye akazipata. Alichokiona ni kile kimoja tu: nne iliyopigwa mstari ikawa mbili, kwa mwandiko wangu. Akazunguka korido zote anasema alama za kijana zimechezewa. Mganga mkuu akampigia simu shoga yangu, sentensi mbili, akakata. Nilimkuta ofisini anapanga picha za mabinti zake kwenye mkoba.

"Ni mimi nimekuponza," nikamwambia. "Mstari ule ni wangu."

"Mstari ule ndio utaniokoa," akasema. "Lakini naogopa hata hivyo, shoga. Nishikie huu mkoba."

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa mafunzo. Mwenyekiti wake alikuwa mama wa makamo, wakili mstaafu mwenye miwani ya kamba, hacheki wala hanuni. Mjomba alikaa mstari wa mbele, na Mtanashati pembeni yake, kimya, kama mtu aliyeletwa. Mwenyekiti akainua karatasi yangu. "Hii alama aliibadilisha nani?"

Nikasimama. "Mimi, mheshimiwa."

"Nani alikushurutisha?"

"Hakuna anayenishurutisha mimi, waulize hawa." Watu wakacheka. "Nilimpenda kijana. Bado nampenda. Nilitoa nne ya mapenzi, nikaulizwa alifanya nini, nikakosa la kuandika. Sababu iko hapo pembeni, na nne yenyewe sijaificha. Ningetaka kuchezea, ningeichana karatasi nijaze nyingine."

Mjomba akaruka. "Maneno matupu! Hao ni marafiki, wamepanga!"

Ndipo Bi Ushahidi akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni. "Mheshimiwa, usituamini sisi. Majibu ya wasailiwa wote tuliyaandika yalivyosemwa. Funika majina, weka herufi. Wape wajumbe wako wawili ambao hawajui nani ni nani, pamoja na maelezo ya ngazi. Wakae mbali mbali, watoe alama wenyewe. Wakileta orodha tofauti na yetu, mimi nitafunga ofisi yangu leo."

Nilimvuta gauni. Akautoa mkono wangu polepole. Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani, akaagiza karani alete gundi na karatasi za kufunikia.

Tulisubiri nje. Breki alikuwa anazunguka bustani, mimi nasali, na Bi Ushahidi amekaa kwenye benchi mikono mapajani. Mjomba alikuwa anapiga simu kwa sauti ili tusikie vyeo vya anaowapigia. Tulipoitwa, sikuweza kumtazama mtu usoni.

Mwenyekiti akasoma. Mjumbe wa kwanza: watatu waliopita ni walewale. Mjumbe wa pili: walewale. Mtanashati, aliyefichwa kwa herufi, ambaye nilimpa mbili kwenye kupanga kipi kitangulie, wote wawili walimpa mbili, na mmoja ameandika pembeni, "Hakueleza alichofanya." Maneno yangu karibu yaleyale, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuniona!

Nilipiga kigelegele ndani ya ukumbi wa kamati ya rufaa. Ndiyo, mimi, matroni, na sare yangu. Breki akapiga meza. Mwenyekiti akagonga kalamu akasema bado hajamaliza: kwenye jaribio la simu, mjumbe mmoja alitoa tatu mahali tulipotoa mbili. Mjomba akainua kichwa. Bi Ushahidi akajibu kabla hajaulizwa: "Ni kweli, mheshimiwa. Maelezo ya mbili na tatu hapo yamekaribiana. Orodha haibadiliki, lakini nitayatenganisha kabla ya usaili ujao." Kwa mara ya kwanza yule mama alitabasamu. Akasema amesikiliza rufaa nyingi, na hajawahi kuona anayeshtakiwa akimwonyesha ufa ambao mshtaki hakuuona. Rufaa ikatupwa. Mjomba akatoka bila kuaga.

Mtanashati hakutoka naye. Alikuja mpaka mezani kwetu, suti ileile, akaomba aione karatasi yake. Bi Ushahidi akamweka kando ya kiti chake, akampitisha kigezo kwa kigezo: hapa ulisema hivi, ngazi hii inataka hivi. Kijana alisoma maelezo ya nne kwa kidole, taratibu. Kisha akasema, "Mama, nimesailiwa mara nyingi mno. Hakuna aliyewahi kuniambia nne inafananaje. Wote waliniambia sijakidhi."

Shoga yangu, ambaye hakutoa chozi mbele ya kamati wala mbele ya mganga mkuu, alilia pale. Alilia bila kujificha, huku amemshika kijana mkono. Na mimi nikalia, maana nilijua analilia nini.

Mkataba wake uliongezwa, na mganga mkuu akaagiza kila idara isaili kwa namna ileile. Bi Kucha alishika chumba cha simu, na bado hajui kusalimia vizuri, lakini ukisimama mlangoni unasikia, "Mbele yako unaona nini?" na dereva tayari yuko njiani. Nimemsamehe zile kucha. Kutafuna, bado.

Baadaye ikatangazwa nafasi ya msaidizi wa Bi Kucha. Safari hii vigezo na ngazi zote vilibandikwa pamoja na tangazo, kila mwombaji ajue anapimwa kwa kitu gani. Mlango ukafunguliwa akaingia Mtanashati. Waswahili walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alikuwa ameajiriwa kupokea simu za malalamiko kwenye kampuni ya mabasi. Akasema siku moja aliwatuma mafundi kituo ambacho sicho, kwa sababu alikisia badala ya kuuliza, na abiria wakakaa juani. Akasema alichofanya saa ileile, aliyempigia kuomba radhi, na kibao alichokibandika juu ya simu yake tangu hapo: Rudia, kisha tuma.

Tukatoa alama kimya. Nikaandika nne. Bi Ushahidi akaniinamia, macho yanacheka.

"Matroni, ushahidi?"

Nikamgeuzia karatasi. Nafasi ya pembeni ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na nilikuwa nimegeuza nyuma kuendelea.